Mati ya safu ya mwisho, ya msongamano au ya Kiarabu: uanze kujifunza ipi?

Ukifungua ukurasa wa mafumbo wa Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji, na kuchagua mafumbo kwa mada, unakutana na orodha ndefu ya mati zenye majina. Anayeanza hujaribu moja leo na nyingine kesho, na baada ya wiki chache anayajua majina yote lakini akiwa mchezoni hakuna hata moja inayomjia. Hapa nalinganisha tatu zinazopatikana kwa wingi katika mafumbo ya hatua moja au mbili: mati ya safu ya mwisho, mati ya msongamano na mati ya Kiarabu. Sikuziokota tu. Ya kwanza humalizwa na ngome au malkia akiwa mbali, ya pili humalizwa na farasi peke yake, na ya tatu ni kazi ya ngome na farasi wakishirikiana.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Safu ni ya mlalo, 1 hadi 8, na mstari ni wa wima, a hadi h. Kwenye skrini herufi K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu na N farasi. Askari hana herufi. Alama ya + ni cheki na # ni mati. Vipande vya herufi na namba utakavyoviona ni FEN: kinakili kimoja, kibandike kwenye ubao wa uchambuzi, na vipande vyote vitajipanga vyenyewe.

## Vipimo vya kulinganishia

Mati yoyote ina sehemu mbili: cheki yenyewe, na visanduku vya kutorokea ambavyo tayari vimefungwa. Wengi wetu hutafuta cheki kwanza, kisha ndipo tunagundua kwamba mfalme ana pa kukimbilia. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza, na kwa maoni yangu ndicho kizito kuliko vingine, ni hiki: nani amevifunga visanduku hivyo? Baada ya hapo naangalia dalili zinazokuambia kwamba mati ipo karibu, hatua za mwisho zinavyokwenda, kitu kinachoweza kuiharibu, na inapatikana wapi katika mchezo wa kawaida.

## Nani anafunga visanduku

Katika mati ya safu ya mwisho, wanaofunga ni askari wa mfalme mwenyewe. Mfalme mweusi yuko g8, askari wake wako f7, g7 na h7, hawajasogea tangu mchezo uanze. Mbele hapiti. Anachobaki nacho ni safu ya 8, na ngome ya adui ikiingia humo inaitawala yote kwa mpigo mmoja.

Mati ya msongamano inakwenda mbali zaidi. Hapa kila kisanduku kinachomzunguka mfalme kimekaliwa na watu wake: yuko pembeni kabisa, h8, ngome yake iko g8, askari wako g7 na h7. Farasi wa adui hana haja ya kufunga chochote. Kazi yake ni cheki tu.

Ya Kiarabu ni kinyume cha hizo mbili. Mfalme anaweza kuwa peke yake kwenye kona bila hata askari mmoja jirani, na bado akafa. Farasi mweupe aliye f6 anatazama h7 na g8 kwa wakati mmoja. Ngome ikitua h7 inalindwa na farasi, na yenyewe inakizuia kisanduku cha g7. Mshambuliaji anafanya kazi yote, haombi msaada wa makosa ya mpangilio wa adui.

Tofauti hii ndiyo inayoamua macho yako yaende wapi. Kwa mbili za kwanza unaangalia vipande vya mpinzani vilivyomzunguka mfalme wake. Kwa ya tatu unaangalia vipande vyako mwenyewe.

## Dalili

Safu ya mwisho ndiyo rahisi kuliko zote kuitambua. Angalia askari watatu mbele ya mfalme. Kama hakuna hata mmoja aliyesogea, na kuna mstari ulio wazi ambao ngome au malkia wako anaweza kuutumia, simama uhesabu. Usisahau kujiangalia na wewe, kwa sababu mara nyingi ugonjwa huu wanao wote wawili.

Kwa msongamano, dalili ni mfalme aliyesukumwa hadi h8 (au a8) huku farasi wako anaweza kufika f7 (au c7). Dalili ya pili ni malkia wako kuwa kwenye mshazari unaoishia g8. Ukiona vyote viwili, jiulize kama unaweza kumtoa malkia bure. Swali hilo linawashinda wengi, si kwa ugumu wa hesabu bali kwa sababu mkono unagoma kumpeleka malkia mahali anapoliwa.

Kwa ya Kiarabu, dalili ni farasi f6 na ngome kwenye safu ya 7, au ngome kwenye mstari wa g au h. Farasi akiwa f6 na mfalme akiwa h8, ngome ina milango miwili: h7 au g8. Zote mbili ni mati, kwa sababu farasi huyo huyo anazilinda zote.

## Hatua moja, kisha mbili

Mfano mfupi wa safu ya mwisho, mweupe anaanza:

```
6k1/5ppp/8/8/8/8/r4PPP/4R1K1 w - - 0 1
```

Jibu ni Re8#. Ngome nyeusi iko a2 na haina njia ya kurudi kati ya e8 na g8. Ingekuwa kwenye safu ya 8, tuseme d8, ngome yako ingeliwa tu. Hapo ndipo fumbo la hatua mbili linapozaliwa:

```
3r2k1/p4ppp/8/8/8/8/Pq2QPPP/4R1K1 w - - 0 1
```

Kisanduku cha e8 kinalindwa mara moja, na ngome ya d8. Wewe unakishambulia mara mbili, na malkia akiwa mbele ya ngome kwenye mstari wa e. Malkia anaingia: Qe8+, mweusi analazimika kula kwa Rxe8, nawe unamaliza kwa Rxe8#. Hesabu ya wanaoshambulia dhidi ya wanaolinda kisanduku kimoja inatosha kutatua sehemu kubwa ya mafumbo ya mada hii.

Msongamano, mweupe anaanza:

```
r6k/6pp/7N/8/2Q5/8/1q3PPP/6K1 w - - 0 1
```

Ukianza na Nf7+, mfalme anatoka zake kwenda g8. Kinachohitajika ni kumfanya mweusi aizibe g8 kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo Qg8+. Mfalme hawezi kumla malkia kwa sababu farasi wa h6 anamlinda, na ngome inabaki na kazi hiyo: Rxg8. Sasa Nf7# na mfalme hana pumzi. Fumbo hili ni mkia wa mfululizo mrefu zaidi ambapo farasi huanza f7, anarudi h6 kwa cheki ya pamoja na malkia, kisha ndipo malkia anatolewa. Wachezaji wanauita urithi wa Philidor, kwa heshima ya bingwa wa Ufaransa wa karne ya 18, ingawa Lucena wa Hispania alikuwa ameshauchapisha mwaka 1497.

Ya Kiarabu kwa hatua moja haihitaji ubao. Mfalme h8, farasi f6, ngome popote kwenye safu ya 7 yenye njia wazi: Rh7#. Kwa hatua mbili, farasi ndiye anayeanza:

```
5bk1/3R4/8/8/4N3/8/r4PPP/6K1 w - - 0 1
```

Nf6+ na mfalme ana sehemu moja tu ya kwenda, Kh8, kwa sababu askofu wake mwenyewe amekaa f8. Kisha Rh7#. Mtazame vizuri huyo askofu. Nitamrudia.

Ni mati ya zamani kwelikweli. Ngome na farasi wanatembea leo kama walivyotembea Waarabu walipokuwa wakicheza sataranji zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Malkia na askofu ndio waliobadilishiwa mwendo Ulaya mwishoni mwa karne ya 15, kwa hiyo fumbo la Kiarabu lisilo na malkia wala askofu lingetatuliwa vilevile Baghdad ya wakati ule.

## Kinachoiharibu kila moja

Adui wa mati ya safu ya mwisho ni dirisha: askari mmoja anasogezwa, kwa kawaida h7 hadi h6, na mfalme anapata kisanduku cha h7. Lakini usiamini kila dirisha. Kama mshambuliaji ana askofu d3 na mshazari hadi h7 uko wazi, kisanduku hicho kimefungwa bado, na mati inabaki palepale. Adui wa pili ni kuziba katikati. Ngome inapiga cheki kutoka mbali, kwa hiyo kipande chochote kinachoweza kuruka hadi f8 kinakata njia. Wakati mwingine kinachelewesha tu: kinaziba, kinaliwa, na mati inakuja hatua moja baadaye. Mafumbo mengi yaliyoandikwa "hatua mbili" yana hatua ya pili ya namna hiyo, na anayekimbia hukata tamaa akiona kizuizi kabla ya kuhesabu kama kina mlinzi wa pili.

Cheki ya farasi haizibiki. Kwa hiyo mati ya msongamano inaharibiwa na kitu kimoja tu: farasi kuliwa. Kabla ya kumtoa malkia g8, pitia kila kipande cheusi na uulize kama kinafika f7. Malkia mweusi akiwa e7 kinafika. Ngome ikibaki f8 inafika. Lakini kumbuka kwamba kipande kilichofungwa mbele ya mfalme hakiruhusiwi kula, na hapo kuna mtego wa ufunguzi ambao kila anayecheza Karo-Kani anapaswa kuujua: 1.e4 c6 2.d4 d5 3.Nc3 dxe4 4.Nxe4 Nd7 5.Qe2 Ngf6 6.Nd6#. Askari wa e7 anamtazama farasi wa d6 na angemla kwa furaha, lakini akitoka kwenye mstari wa e mfalme wake anabaki uchi mbele ya malkia wa e2. Mfalme hajawahi hata kusogea, amebanwa na jeshi lake lote katikati ya ubao.

Mati ya Kiarabu inaharibiwa na askari wa g7, kwa sababu anamla farasi wa f6. Ndiyo maana unaiona zaidi pale askari huyo alipokwisha kuondoka au kusogea g6. Udhaifu mwingine ni kisanduku cha f8. Mwondoe yule askofu wa mfano wangu, na baada ya Nf6+ mfalme anachagua Kf8 badala ya kujitia kona. Mati imepotea, ila hujapoteza kila kitu. Ngome ikiwa d7, farasi anapiga Nh7+, mfalme anarudi g8 au anakwenda e8, na farasi anarudi f6 kwa cheki nyingine. Akiwa e8, njia ya d8 imefungwa na ngome, na ngome yenyewe inalindwa na farasi, kwa hiyo hana budi kurudi f8. Inazunguka hivyo hadi msimamo urudiwe mara tatu na mchezo uwe sare. Ukiwa nyuma kwa vipande, hiyo ni zawadi.

## Safu ya mwisho mikononi mwa mabingwa

Mafumbo yanakufundisha mati inayochezwa. Mchezo halisi mara nyingi unaamuliwa na mati ambayo haichezwi, na hakuna mfano ninaoupenda kuliko mchezo wa Osip Bernstein dhidi ya Kapablanka, Moscow, 1914. Bernstein, mwenye vipande vyeupe, alikula askari wa c3. Vipande vikaliwa na kuliwa kwenye kisanduku hicho, na mwisho ngome yake ikabaki imesimama hapo, akiwa mbele kwa askari mmoja. Zamu ni ya mweusi:

```
3r2k1/p4ppp/1q6/8/8/2R1P3/P3QPPP/6K1 b - - 0 29
```

Wote wawili wana askari watatu waliolala mbele ya mfalme. Cheki inayojitokeza yenyewe ni Qb1+, na mweupe anajibu Qf1. Sasa mweusi akivutwa na Rd1, akidhani anamalizia, anajibiwa Rc8+ na yeye ndiye anayekufa: ngome inarudi Rd8, inaliwa, mati. Hesabu ya Bernstein, mpaka hapo, inasimama.

Kapablanka alicheza Qb2. Malkia amesimama wazi mbele ya malkia mwenzake, anaweza kuliwa, na Bernstein aliweka chini silaha papo hapo. Akimla kwa Qxb2, ngome inashuka Rd1 na ni mati, kwa kuwa malkia mweupe aliye b2 na ngome ya c3 hawawezi kufika e1 wala f1. Akilinda kwa Qe1, mweusi anaila ngome kwa Qxc3, na malkia mweupe hawezi kurudisha kisasi kwa sababu ya Rd1+ ile ile. Akiikimbiza ngome kwa Rc2, mweusi anapiga Qb1+, tuseme anajibiwa Qf1, kisha malkia mweusi anaila ngome ya c2 bila malipo. Kila jibu linagonga safu ya 1.

Funzo la kiufundi hapa ni moja: malkia mweupe alikuwa na kazi mbili, kuilinda ngome ya c3 na kuilinda safu ya mwisho. Unapokuta kipande chenye kazi mbili karibu na mfalme asiye na dirisha, usitafute cheki kwanza. Tafuta namna ya kukisumbua.

## Inatokea lini, na inamfaa nani

Safu ya mwisho huibuka katikati ya mchezo kuelekea mwisho, mistari ikishafunguka na vipande vidogo vikishapungua. Inamfaa anayefikisha michezo yake mbali, na zaidi anayejikuta amepoteza ngome au mchezo mzima kwa cheki moja ya ghafla. Ina faida ya pili ambayo nyingine hazina: ukiijua unajilinda. Kasoro yake ni kwamba mafumbo ya hatua moja yanachosha upesi, maana macho yanaizoea sura ile ile ya askari watatu.

Msongamano ni adimu zaidi katika michezo ya kawaida. Anayetarajia kuicheza kila juma atangoja sana. Inamfaa mtu mwenye woga wa kutoa vipande, na yule anayesahau kwamba farasi anaruka, kwa sababu kila fumbo linamlazimisha kufikiri juu ya nani analazimika kula na anakula akiwa wapi.

Ya Kiarabu huja mwishoni mwa mchezo, vipande vikiwa vichache, na inamfaa anayeshindwa kuwaunganisha ngome na farasi. Wengi wanaoanza wanajua kucheza na malkia tu. Wakishabadilishana malkia, wanabaki wanasogeza ngome huku na huko. Mada hii inawatibu hao kuliko zile mbili.

## Kwa hali yako

Kama bado mafumbo ya hatua moja yanakupiga chenga, anza na lichess.org/training/backRankMate na usiondoke mpaka uwe unahesabu wanaolinda kisanduku kabla ya kugusa kipande. Fumbo ukilikosa, andika ni kipande gani kilikuja kuziba au kula, si jibu sahihi tu.

Kama mafumbo ya hatua moja unayamaliza haraka lakini ya hatua mbili yanakukwamisha pale penye kutoa malkia au ngome, nenda lichess.org/training/smotheredMate. Usishangae ukikutana na ya hatua nne au tano humo. Anza kuyasoma kutoka nyuma: weka akilini farasi f7 na mfalme h8, kisha uliza ni kipande gani kinakosekana g8.

Kama una kawaida ya kushindwa ukiwa na ngome na farasi dhidi ya ngome peke yake na askari kadhaa, au unacheza na mtu anayependa kubadilishana malkia mapema, chagua lichess.org/training/arabianMate. Katika kila fumbo mtafute farasi kwanza, uone kama anafika f6, c6, f3 au c3, ndipo uitafutie ngome njia.

Mwenye nusu saa kwa siku anaweza kuchanganya safu ya mwisho na ya Kiarabu, kwa sababu zote mbili zinaitaka ngome na moja inaamsha macho kwa ajili ya nyingine. Msongamano ningeuweka siku yake peke yake. Ukiuchanganya na safu ya mwisho, utaanza kumtoa malkia e8 na g8 hata pale ambapo mfalme anaweza kumla bila kudhurika.